Uzi: Kwa nini morfini inayotuliza maumivu ndiyo hiyo hiyo inayopunguza pumzi?

#1 Mdadisi wa Tabora

Habari za jioni wanajukwaa. Morfini inayotokana na afyuni hutuliza maumivu ambayo dawa nyingi hushindwa nayo, na papo hapo inaweza kumfanya mgonjwa apumue polepole hadi asipumue kabisa. Dai langu ni kwamba mambo haya mawili kwa hakika ni jambo moja. Nadhani maumivu na pumzi hutawaliwa na sehemu moja ya ubongo, dawa huilaza sehemu hiyo, na kwa hiyo huwezi kupata kimoja bila kingine. Ikiwa ndivyo, basi wanaotafuta dawa ya aina hii isiyogusa pumzi wanatafuta kisichokuwapo. Wenye ujuzi nisahihisheni.

#2 Kaka Mkubwa Ilala

Mkuu, umekwenda mbali bure. Morfini hulegeza misuli, ikiwamo ya kifua. Misuli ikilegea maumivu hupungua, na kifua kikilegea pumzi hupungua. Ndiyo maana kwenye chumba cha upasuaji mgonjwa huwekwa kwenye mashine ya kupumulia.

#3 Usingizi Salama

Kaka Mkubwa, unachanganya morfini na dawa za kulegeza misuli, ambazo sisi wa nusukaputi tunazitumia kila siku lakini hazitokani na afyuni na hazitulizi maumivu hata kidogo. Aliyepewa dawa hizo anataka kupumua na hawezi, kwa sababu misuli haipokei amri. Aliyezidiwa na morfini hali yake ni kinyume cha hiyo: misuli ina nguvu zake zote, ila amri haiji. Ukimwinamia na kumwambia kwa sauti, "Mama, vuta pumzi," mara nyingi anavuta vizuri kabisa. Ukinyamaza, anakaa kimya tena. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba tatizo haliko kifuani.

Sasa nirudi kwa Mdadisi. Nusu ya dai lako inasimama. Kinachofanana ni kipokezi, ila mahali ni tofauti. Kwenye ngozi ya baadhi ya seli za neva kuna protini iitwayo kipokezi cha mu, na morfini hujishikiza hapo. Ikishajishikiza, ndani ya seli hutokea mambo mawili makubwa: milango ya potasiamu hufunguka, na seli inakuwa nzito kuamshwa, na kwenye ncha za neva milango ya kalsiamu hufungwa, na ncha hizo hushindwa kumwaga kemikali za kupeleka habari kwa seli inayofuata.

Seli zenye kipokezi hicho ziko sehemu nyingi. Zipo upande wa nyuma wa uti wa mgongo, pale habari ya maumivu inapopokewa kutoka mwilini kabla ya kupanda ubongoni. Zikinyamazishwa hapo, habari inayofika juu ni ndogo. Zipo pia katikati ya ubongo, ambako morfini hunyamazisha seli ambazo kazi yake ni kuzuia njia ya kutuliza maumivu, na njia hiyo ikiachiwa huteremka na kubana maumivu kutoka juu. Na zipo kwenye shina la ubongo, katika makundi ya seli yanayopanga mdundo wa pumzi. Jambo linalotendeka ndani ya kila seli ni lile lile, lakini kazi ya seli hizo mwilini ni tofauti kabisa.

#4 Mdadisi wa Tabora

Nimekupata, na ninashukuru. Lakini hapo swali linakuwa gumu zaidi. Mwili wa mwanadamu haukuumbwa kusubiri utomvu wa ua la shambani. Kwa nini kipokezi hicho kiwekwe kwenye seli za kupumua?

#5 Mfamasia Mkongwe

Kipokezi hakikuwekwa kwa ajili ya ua. Mwili una vitu vyake wenyewe vinavyokishika. Mwaka 1973 maabara kadhaa zilionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba ubongo una mahali maalumu pa kushika dawa za jamii ya morfini, na mwaka 1975 Hughes na Kosterlitz kule Aberdeen, Uskoti, wakatambua enkefalini, ambazo mwili huzitengeneza. Hizo humwagwa kidogo kidogo, mahali fulani, kwa muda mfupi, kisha huvunjwa. Morfini haiji hivyo. Huenea na damu na kufika kila penye kipokezi kwa wakati mmoja, na hukaa kwa saa kadhaa. Kwa maoni yangu, hatari ya pumzi inatoka hapo: ishara iliyokusudiwa kuwa ya mahali pamoja imegeuzwa kuwa ya mwili mzima.

Nyongeza ndogo kwa aliyeanzisha uzi. Si kila kilichomo kwenye afyuni kinafanya kazi hii. Morfini ndiyo nyingi, na kodeini ni ndugu yake. Papaverini iko humo humo, lakini kazi yake ni kulegeza misuli laini kama ile ya mishipa ya damu, wala haipitii kipokezi cha mu. Noskapini hutuliza kikohozi bila kutuliza maumivu. Tebaini haifai kabisa kumpa mgonjwa kwa kuwa huleta degedege, ila viwandani hutengenezwa dawa nyingine kutokana nayo. Kwa hiyo Kaka Mkubwa alikuwa na chembe ya ukweli kuhusu kulegeza misuli, ila alikosea dawa na alikosea misuli.

#6 Kaka Mkubwa Ilala

Mfamasia, chembe hiyo naipokea kwa mikono miwili.

#7 Bi Mkate

Samahani nikiwatoa nje ya njia. Mimi ni mwokaji, na kuna mteja huniletea mbegu ndogo nyeusi za ua hilo hilo nimnyunyizie juu ya mikate. Mtoto akila anaweza kuacha kupumua?

#8 Mfamasia Mkongwe

Dada, afyuni ni utomvu unaotoka kwenye ganda la tunda bichi linapochanjwa. Mbegu zenyewe karibu hazina kitu, isipokuwa vumbi la ganda au utomvu uliozigusa wakati wa kuvuna. Mbegu za kunyunyiza juu ya mkate, zilizosafishwa, hazimfikishi mtoto huko. Kinachonitia hofu kwa watoto ni dawa za kikohozi zenye kodeini.

Kodeini yenyewe hukishika kipokezi kwa udhaifu. Nguvu yake nyingi huja pale ini linapogeuza sehemu yake ndogo, takribani sehemu moja katika kumi, kuwa morfini. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, CYP2D6, hurithiwa, na watu hawakukirithi sawa. Wako ambao hawana kinachofanya kazi. Hao humeza kodeini na maumivu yanabaki. Wako wenye nakala za ziada. Hao hujitengenezea morfini nyingi kwa haraka. Utafiti uliofanywa kwa Waethiopia na kuchapishwa 1996 ulikuta nakala za ziada kwa zaidi ya robo ya waliopimwa, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini kwa watoto waliotolewa tonsili, kwa sababu baadhi yao walikufa kwa pumzi kuzimika baada ya kupewa kipimo cha kawaida. Kwa hiyo mzazi akisema "nilimpa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa," anaweza kuwa anasema kweli tupu.

#9 Mama Watatu

Nimesoma yote kwa makini kwa sababu yaligusa nyumba yetu. Mama yangu mzazi alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alipewa morfini ya maji, miligramu 10 kila saa nne mchana, na wakati wa kulala anapewa 20 ili asiamshwe usiku. Kwa muda mrefu ilimfaa sana. Alikaa barazani, alichambua mboga na kugombana na wajukuu.

Kisha mambo yakabadilika bila sisi kubadilisha chochote. Alianza kulala mchana. Tulifurahi, tukadhani anapumzika. Miguu ikavimba, mkojo ukawa kidogo, na mikono ikawa inarukaruka akiwa usingizini. Asubuhi moja hatukuweza kumwamsha vizuri. Hospitali walimwekea oksijeni, na kile kifaa cha kidoleni kikasoma 97, wakatuambia hali si mbaya. Muuguzi mmoja ndiye aliyekaa kando ya kitanda na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, akapata sita. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Walimchoma naloksoni. Aliamka mara moja, lakini aliamka akipiga kelele za maumivu ambayo hatukuwahi kuyasikia hata kabla ya morfini. Kabla ya saa mbili kupita akawa amelala vile vile tena, ikabidi wamchome upya. Mama aliishi baada ya hapo, na ugonjwa wake ulimchukua baadaye. Ninachotaka kujua ni kwa nini kipimo kilichomfaa muda wote huo kilimgeuka, na kwa nini sindano ya kumwokoa ilimtesa.

#10 Usingizi Salama

Pole sana, Mama Watatu. Umeeleza vizuri kuliko fomu nyingi za rufaa ninazozipokea, na karibu kila ulichokitaja kina maana.

Naanza na mkojo na miguu. Saratani ya shingo ya kizazi hukua kando ya mirija inayotoa mkojo kwenye figo kuupeleka kibofuni. Ikiibana mirija yote miwili, figo hujaa na kushindwa kazi polepole, bila kelele. Morfini yenyewe haisafishwi hasa na figo. Ini huigeuza kuwa vitu viwili vikuu. Kimoja, ambacho ndicho kingi, hakitulizi maumivu, na wengi tunakihusisha na ile mikono kurukaruka. Cha pili, morfini-6-glukuronidi, hukishika kipokezi cha mu kwa nguvu kama morfini au zaidi. Vyote viwili hutegemea figo kutoka mwilini. Figo zikiwa nzima vinatoka. Figo zikifa vinabaki na kujikusanya, kipimo kwa kipimo. Jumla yake ilikuwa miligramu 60 kwa siku na haikubadilika, ila kiasi kilichokuwa kikitenda ndani ya mwili kilikuwa kikipanda. Ndiyo maana usingizi ulitangulia kwa siku kadhaa kabla ya pumzi kushuka, na huo usingizi mpya ndio uliokuwa onyo la kwanza.

Sasa naloksoni. Hiyo hukishika kipokezi kile kile kwa nguvu zaidi lakini haikiamshi. Inaing'oa morfini na kukalia nafasi yake. Mdadisi, angalia hapa, kwa sababu jibu la swali lako liko kitandani kwa mama huyu. Naloksoni haina njia ya kujua kwamba tunataka ing'oe morfini ya shina la ubongo na kuiacha ile ya uti wa mgongo. Ikimwagwa ampuli nzima kwa mkupuo mmoja, inang'oa kote. Pumzi inarudi na maumivu yote yanarudi pamoja nayo, tena kwa mwili uliokwisha kuzoea dawa. Kwa mgonjwa wa namna hii mimi huichanganya ampuli ya miligramu 0.4 na maji ya chumvi hadi ipate mililita 10, kisha natoa mililita moja moja kila baada ya dakika mbili huku nikiangalia kifua, na nasimama pumzi inapokuwa ya kutosha, hata kama mgonjwa bado ana usingizi. Kwa kiasi fulani njia hiyo hutenganisha visivyotenganishika, kwa sababu unaondoa kidogo tu kilichozidi.

Kurudi kwa usingizi kabla ya saa mbili nako kunaeleweka. Naloksoni hudumu kwa takribani dakika 30 hadi 90. Kile kilichojikusanya kwa sababu ya figo kinakaa muda mrefu zaidi ya hapo. Mgonjwa kama huyo haachwi peke yake akishaamka. Anakaa chini ya uangalizi, na mara nyingi anahitaji dripu ya naloksoni.

#11 Muuguzi wa Mbarara

Salamu kutoka Uganda. Maelezo ya Usingizi Salama ni mazuri, lakini nisingekimbilia figo kabla ya kuuliza kuhusu chupa. Kwetu morfini ya kunywa hutengenezwa kwa kuchanganya unga na maji, na hutiwa rangi kulingana na nguvu yake. Ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5. Nyekundu ina 50 katika mililita 5 zile zile. Mgonjwa akibadilishiwa nguvu ya dawa na familia ikaendelea kupima kwa kizibo kile kile, anapata mara kumi. Wakati wa kumtembelea mgonjwa nyumbani, jambo la kwanza ninaloomba ni kuoneshwa chupa na kile wanachopimia. Mama Watatu, chupa ya mwisho ilifanana na ya awali?

#12 Mama Watatu

Ahsante, dada. Sikumbuki rangi. Najua chupa ya mwisho ilitoka duka la dawa tofauti, kwa sababu tulikokuwa tukichukulia iliisha. Tulipima kwa bomba lile lile la sindano. Picha ya ultrasaundi iliyopigwa baadaye ilionyesha figo zote mbili zimejaa maji. Na jambo jingine ambalo sikulitaja: alikuwa amemaliza mionzi muda si mrefu kabla ya hapo, na maumivu yake ya kiuno yalikuwa yamepungua sana.

#13 Usingizi Salama

Hilo la mionzi lingetakiwa kuwa mwanzoni! Maumivu yenyewe husukuma pumzi. Mtu mwenye maumivu makali anaweza kubeba kiasi cha morfini ambacho kingemlaza mtu asiye na maumivu. Mionzi ikipunguza uvimbe, au neva ikizibwa kwa sindano, msukumo huo unaondoka na dawa inabaki bila mpinzani, ingawa kipimo hakijaongezwa hata tone. Kwa hiyo sasa tuna maelezo matatu: figo, chupa na mionzi. Picha ya figo inanifanya niegemee upande wa figo, lakini siwezi kuyafuta mengine mawili.

#14 Muuguzi wa Mbarara

Nami sifuti la figo. Nasema tu kwamba figo zilizojaa hazimaanishi chupa ilikuwa sahihi. Mambo mawili yanaweza kumkuta mgonjwa mmoja.

#15 Kaka Mkubwa Ilala

Naomba kuuliza bila kubishana safari hii. Kifaa cha kidoleni kilisoma 97 wakati mama anapumua mara sita kwa dakika. Kilikuwa kibovu?

#16 Usingizi Salama

Hakikuwa kibovu, kaka, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Kifaa hicho hupima oksijeni iliyobebwa na damu, wala hakipimi hewa ukaa. Ukimwongezea mtu oksijeni, hata pumzi chache hutosha kujaza damu yake oksijeni, kwa hiyo namba inakaa nzuri. Lakini kutoa hewa ukaa kunahitaji kupumua kwa kutosha, na hiyo inaendelea kurundikana. Kwa kawaida hewa ukaa ikipanda kidogo tu, shina la ubongo linaamuru upumue zaidi. Morfini hudhoofisha mwitikio huo hasa. Basi mgonjwa analala, hewa ukaa inapanda, nayo ikizidi inamlaza zaidi, na kifaa kinaendelea kusoma 97. Asiye na oksijeni ya ziada namba yake ingeshuka mapema na mtu angeshtuka. Simaanishi mgonjwa anyimwe oksijeni anapoihitaji. Ninachosema ni kwamba akishawekewa, mtu ahesabu pumzi kwa dakika nzima, kama alivyofanya yule muuguzi.

#17 Kijana wa Mji Mkongwe

Niongeze upande wa pwani. Nafanya kazi na vijana wanaotumia heroini, ambayo ni morfini iliyobadilishwa kidogo ili iingie ubongoni haraka, na ikishaingia hugeuka kuwa morfini na ndugu zake. Wengi hufikiri anayekufa ni mgeni wa unga au aliyeuziwa unga mkali. Ninaowaona mimi ni wazoefu walioacha kwa muda, ama gerezani ama kwenye nyumba ya kurekebishia tabia, kisha wakarudi na kiasi kile kile cha zamani. Mwili ulikuwa umezoea, mazoea yameondoka, na mkono bado unakumbuka kiasi cha zamani. Tangu kliniki ya metadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 tumeelezwa sana jambo hili: anayekosa dozi siku kadhaa haruhusiwi kurudia kiwango chake cha zamani kwa mkupuo mmoja.

Swali langu ni hili. Ikiwa kipokezi ni kimoja, kwa nini watumiaji hueleza kwamba starehe huisha upesi na wanalazimika kuongeza, lakini pumzi haizoei kwa kasi hiyo hiyo?

#18 Mtafiti wa Panya

Hapo umegusa penye ubishi. Kipokezi ni kimoja lakini seli zinazokibeba hazichoki kwa kasi moja, na wengi tunaamini mazoea ya pumzi huja polepole au hayakamiliki kuliko mazoea ya starehe. Sababu yake haijakubaliwa na wote. Wengine husema ni idadi ya vipokezi: seli yenye vipokezi vingi vya akiba huchelewa kuonyesha kuchoka. Wengine husema ni tofauti za protini ndani ya seli. Mimi nafanya kazi na panya, na sithubutu kuapa upande wowote.

Kuhusu mahali, nako hatujaafikiana. Mwaka 1991 kundi la Smith na Feldman lilieleza, kwa panya, kundi dogo la seli katika shina la ubongo liitwalo preBötzinger, ambalo hufanya kazi kama mpiga ngoma anayeshika mdundo wa pumzi. Wengi wanalitaja hilo kuwa ndilo morfini inalolilaza. Wengine, mimi nikiwamo, tunaona makundi yaliyo juu yake, kwenye daraja la ubongo, yana uzito mkubwa, kwa kuwa ukiondoa kipokezi cha mu hapo kisha ukampa mnyama morfini, pumzi hushuka kidogo tu. Na wako wanaosema lawama kubwa ni ya usingizi wenyewe na ya koo kulegea na kuziba njia ya hewa, hasa kwa watu wanaokoroma. Matokeo hubadilika kulingana na kipimo, na kama mnyama yuko macho au amelazwa kwa dawa.

#19 Mdadisi wa Tabora

Basi nirudie dai langu kwa umbo jipya. Mahali ni tofauti, hilo nimelikubali. Lakini kama kipokezi ni kile kile, kutenganisha bado hakuwezekani. Au kuna aliyefaulu?

#20 Mtafiti wa Panya

Kwanza ushahidi ulio upande wako. Mwaka 1996 walitengenezwa panya wasio na jeni ya kipokezi cha mu. Morfini haikuwaondolea maumivu, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba pumzi zao nazo hazikushuka. Kipokezi kimoja kilipoondoka, vyote viwili viliondoka.

Upande wa pili uliibuka na protini iitwayo arestini, inayojishikiza kwenye kipokezi kikishaamshwa na kukizima. Mwaka 1999 na 2005 zilichapishwa kazi zilizoonyesha kwamba panya wasio na arestini ya aina ya pili walitulizwa maumivu zaidi na pumzi zao hazikushuka sana. Wazo likawa kwamba kutuliza maumivu kunapita njia moja ndani ya seli na kushusha pumzi kunapita njia nyingine, na kwamba dawa inayochagua njia ya kwanza tu ingekuwa salama. Makampuni yalitumia fedha nyingi kulifuata wazo hilo. Kisha mwaka 2020 maabara tatu zilirudia jaribio kwa panya kama hao, na pumzi zikashuka sawasawa na za panya wa kawaida. Mwaka huo huo oliseridini, dawa iliyozaliwa na wazo hilo, ilikubaliwa Marekani, na bado maandishi yake yanaonya kuhusu pumzi.

#21 Mfamasia Mkongwe

Kwa hiyo wazo limekufa?

#22 Mtafiti wa Panya

Baadhi yetu tunasema limekufa. Wengine wanasema lile jaribio la kwanza liliona kitu cha kweli lakini likakieleza vibaya: huenda dawa hizo mpya si kwamba zinachagua njia, ila zinaamsha kipokezi kwa udhaifu. Mfano uliokuwapo tangu zamani ni buprenofini, inayotengenezwa kutokana na ile tebaini uliyoitaja. Inakishika kipokezi kwa nguvu sana lakini inakiamsha nusunusu, na ukiongeza kipimo kushuka kwa pumzi hufika mahali kukasimama, huku kutuliza maumivu kukiendelea.

#23 Usingizi Salama

Naomba nipunguze matumaini hapo. Huko kusimama kumeonekana kwa watu wazima wenye afya waliopewa dawa hiyo peke yake. Ichanganye na pombe au na valiamu, na ulinzi huo hauaminiki tena, kwa kuwa hizo hulaza shina la ubongo kwa kupitia vipokezi vingine kabisa. Tena akishazidiwa, naloksoni ya kawaida hushindwa kuing'oa kwa urahisi, kwa sababu hiyo hiyo ya kushika kwa nguvu.

#24 Kijana wa Mji Mkongwe

Nathibitisha hilo la valiamu. Ninaokutana nao waliopoteza fahamu, mara nyingi hawakutumia kitu kimoja.

#25 Mama Watatu

Shukrani kwenu wote. Mengine yamenipita, lakini la figo, la chupa na la mionzi nimelielewa. Sasa dada yangu mdogo anamuuguza mama mkwe wake kwa dawa hiyo hiyo, na kwa niliyoyaeleza anaogopa hata kumpa. Anyime au ampe, na aangalie nini?

#26 Muuguzi wa Mbarara

Ampe, kwa saa zilizopangwa. Kuogopa na kuruka dozi huleta maumivu, kisha familia hukimbilia kumpa mara mbili, na hapo ndipo hatari inapoingia. Aangalie usingizi kabla ya pumzi: je, mgonjwa anaamka akiitwa na kujibu kwa maana, au anasinzia katikati ya sentensi? Aangalie mkojo, kama umepungua tangu wiki iliyopita. Aangalie mikono kurukaruka. Kila anapopewa chupa mpya asome namba ya miligramu kwa mililita kabla ya kuifungua. Pumzi azihesabu mgonjwa akiwa amelala, kwa dakika nzima na saa mkononi, kwa sababu pumzi za morfini huja kwa kusitasita na ukihesabu robo dakika ukazidisha utadanganyika. Zikiwa chini ya nane na haamki vizuri, asimpe dozi inayofuata na ampeleke hospitali wakati huo huo.

#27 Usingizi Salama

Nakubaliana na yote isipokuwa namba. Mimi nisingesubiri ifike nane. Mgonjwa aliyekuwa akipumua mara 18 jana na leo ni 10, haamki vizuri na mkojo wake umepungua, kwangu huyo amekwisha kuonyesha kinachokuja.

#28 Muuguzi wa Mbarara

Ukiwa na gari na hospitali jirani, sawa. Wagonjwa wangu wengine wako nusu siku kutoka barabarani, na nikiwaambia waje kila pumzi zinapofika kumi, wataacha dawa na kufa kwa maumivu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo mimi humwelekeza anayemuuguza aruke dozi moja, anipigie simu, na ahesabu tena baada ya saa moja.